Sura ya Tano: Kamera Inapofunika Maandishi

Elekeza kamera ya simu kwenye chupa ya dawa ya magugu iliyoandikwa Kichina kitupu. Kufumba na kufumbua, herufi za Kichina zinatoweka na Kiswahili kinakaa mahali pake, kwa rangi ileile ya maandishi na juu ya rangi ileile ya karatasi. Ukisogeza simu, maneno yanasogea pamoja na chupa. Mtu ambaye hajawahi kuona jambo hili huamini kwamba anasoma lebo. Anachosoma kwa kweli ni picha ya lebo nyingine, iliyochorwa wakati huohuo na mashine, na ile ya kiwandani imefichwa chini yake.

Mifano ya kueleza teknolojia hii ni mingi: vibao vya stesheni ya treni Guangzhou, orodha ya vyakula mgahawani, maelekezo ya mashine ya kufulia. Nimeichagua chupa ya dawa ya shamba kwa kuwa ina karibu kila kitu kinachoisumbua kamera, na kwa kuwa kosa lake halina udogo. Ukikosea orodha ya vyakula utaletewa supu usiyoitaka. Ukikosea chupa hii, shamba la msimu mzima na afya ya anayepulizia vinaingia hatarini.

Programu ya kwanza ya aina hii kuwafikia watu wa kawaida ilitoka Desemba 2010. Iliitwa Word Lens, ikatengenezwa na kampuni ndogo ya Quest Visual iliyoanzishwa na Otavio Good, na ilianza na Kihispania na Kiingereza peke yake. Ilifanya kazi ndani ya simu bila intaneti, ikibadilisha neno moja moja kwa kamusi, hivyo sentensi zilitoka zimevunjikavunjika. Google iliinunua kampuni hiyo mwaka 2014, na Januari 2015 uwezo huo ukawekwa ndani ya Google Translate. Mambo mengi yamebadilika tangu hapo, lakini mpangilio wa kazi ni uleule: kutafuta maandishi, kuyatambua, kuyatafsiri, kisha kuyafuta na kuchora mapya. Kila hatua inapokea kazi ya hatua iliyotangulia bila kuikagua sana, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia.

Hatua ya kwanza ni kutafuta. Kwa kamera, chupa ni madoa ya rangi tu. Programu inatafuta madoa madogo yenye rangi inayofanana, yaliyo karibukaribu na yamepangika kwenye mstari, kisha inayazungushia mipaka. Mstari mrefu wa herufi kubwa juu ya karatasi nyeupe ni kazi rahisi. Lebo ya dawa ina herufi ndogo sana, imepigwa chapa kwenye plastiki inayong'aa, na imezungushwa kwenye chupa ya mviringo, kwa hiyo herufi za pembeni zinaonekana zimebanwa. Mahali mwanga unapogonga plastiki panakuwa doa jeupe, na kilichokuwa chini ya doa hilo kwa kamera hakipo. Mashine haiachi nafasi tupu kuonyesha kwamba kuna kitu hakikusomeka. Inaunganisha ilichokiona.

Hatua ya pili ni kutambua kila herufi. Hapa hutumika mtandao wa neva, yaani programu iliyofundishwa kwa mifano mingi mno hadi ikajua herufi fulani huwa na sura gani. Watu wa Google walieleza mwaka 2015 kwamba waliufundisha mtandao wao kwa herufi walizozitengeneza wenyewe na kuzichafua makusudi: wakaziongezea uchafu, ukungu na mwako wa uongo, wakazipinda kidogo, ili zifanane na zile za mitaani. Hata hivyo mtandao huweza kusoma tarakimu 5 mahali penye herufi S. Ndiyo maana programu huangalia kamusi na kukubali neno lililo karibu zaidi na lile ililoliona. Mbinu hiyo husaidia sana kwenye maneno. Kwenye tarakimu haisaidii chochote, kwa sababu 20 na 200 zote ni namba halali na hakuna kamusi itakayosema ipi iliandikwa.

Kichina kina mtego wake hapa. Herufi moja huweza kubeba neno zima, na herufi mbili huweza kutofautiana kwa urefu wa mstari mmoja. Ipo yenye mistari miwili ya kulala ambayo, wa juu ukiwa mfupi, maana yake ni "bado", na wa juu ukiwa mrefu, maana yake ni "mwisho". Neno la kawaida la kukanusha ni herufi moja yenye mistari minne tu. Ikimezwa na mwako wa plastiki, katazo linageuka ruhusa, na sentensi inayobaki ni sahihi kisarufi. Msomaji hana cha kumshtua.

Hatua ya tatu ni tafsiri yenyewe. Tafsiri ya sasa hushughulikia sentensi nzima, na ni bora mno kuliko ile ya neno kwa neno ya 2010. Lakini inategemea kupewa sentensi nzima, na lebo ya dawa haina sentensi nyingi. Sehemu yake muhimu ni jedwali lenye safu nne: zao, gugu linalokusudiwa, kiasi cha dawa, na namna ya kutumia. Safu zenyewe ni nyembamba, kwa hiyo maneno hukatika na kuendelea mstari wa chini. Kamera ikisoma kutoka ukingo mmoja wa jedwali hadi mwingine, inashona nusu ya neno la safu hii na nusu ya neno la safu ile. Ukiona kiasi cha dawa kimekaa kwenye sentensi moja na jina la zao ambalo hukulitarajia, ni dalili kwamba safu zimechanganywa.

Jambo la pili kuhusu tafsiri ni njia inayopitia. Maandishi ambayo yapo kwa Kichina na pia kwa Kiswahili ni machache, ilhali yale ya Kichina na Kiingereza, na ya Kiingereza na Kiswahili, ni mengi. Kwa hiyo mashine kwa jozi kama hii mara nyingi hupita Kiingereza, waziwazi au kwa namna zilivyofundishwa. Kila neno linavuka mito miwili, na lisilo na neno mwenza kwenye ukingo wa Kiingereza linabadilishwa hapohapo.

Sasa tuichukue chupa yetu. Tuseme ni dawa ya glaifoseti ya asilimia 41, na kwenye safu ya kiasi pameandikwa mililita 200 kwa "mu", ichanganywe na maji kilo 30. Mu ni kipimo cha ardhi cha China. Mu 15 hufanya hekta moja, kwa hiyo mu moja ni takriban mita za mraba 667. Kiingereza hakina kipimo hicho, na tafsiri nyingi huangukia kwenye ekari. Kutoka ekari ya Kiingereza hadi ekari ya Kiswahili hakuna tatizo lolote, na kwenye skrini yanatokea maneno safi kabisa: mililita 200 kwa ekari moja.

Ekari ni mita za mraba 4,047, yaani mu sita na kidogo. Kiasi kilichokusudiwa na kiwanda ni lita 3 kwa hekta, sawa na lita 1 na mililita 200 hivi kwa ekari. Mkulima aliyeamini skrini atatia sehemu moja ya sita. Akiwa na bomba la mgongoni la lita 16, na akijua kwa uzoefu kwamba ekari yake humalizwa na mabomba kama 11, atagawa zile mililita 200 kwa mabomba hayo, na kila bomba litapata mililita 18. Lilipaswa kupata karibu 107. Magugu yatanyauka kidogo na kuinuka tena. Mkulima atasema dawa ni feki, arudie kupulizia, au achanganye na nyingine kali zaidi bila kipimo. Kosa halikuwa kwenye dawa wala kwenye kamera kuona vibaya. Kila herufi ilisomwa sawasawa, kila tarakimu ilibaki kama ilivyo, na neno moja la kipimo likabadilika njiani.

Kosa hili lingeweza kukamatwa shambani bila kujua Kichina hata kidogo. Lebo inataka maji kilo 30, yaani lita 30, kwa hicho kinachoitwa ekari. Lita 30 ni mabomba mawili, tena la pili halijai. Hakuna mpulizia dawa atakayekubali kwamba mabomba mawili yanamaliza ekari. Namba za lebo moja zina uhusiano kati yake, na tafsiri inapoharibu moja, uhusiano huo unapiga kelele. Mimi naona hiki ndicho kipimo cha kwanza cha msomaji makini: kabla ya kuuliza kama tafsiri inasomeka vizuri, uliza kama inawezekana kutendeka.

Hatua ya nne ndiyo inayowapendeza watu zaidi, na ndiyo ninayoihofia zaidi. Programu inafuta maandishi ya asili na kuchora tafsiri. Zamani ilipaka kibandiko cha rangi moja juu ya maneno, na tafsiri ikakaa hapo kama kiraka, hivyo ulijua kwamba kuna kitu kimebandikwa. Mwaka 2022 Google ilitangaza njia mpya ambayo huijenga upya picha iliyo nyuma ya maneno, kivuli chake na mikunjo yake, kisha hulaza tafsiri juu yake kana kwamba ndivyo ilivyochapwa. Walisema kazi yote hiyo huchukua milisekunde 100. Tayari mwaka 2019 walikuwa wamepunguza kutetereka kwa maneno kwenye skrini, yale maneno yaliyokuwa yakibadilika kila mkono ulipotikisika.

Kutetereka kule kulikuwa kero, lakini kulikuwa pia na habari. Kamera hupiga picha nyingi kwa sekunde, na neno lililosomwa hivi kwenye picha moja na vile kwenye inayofuata ni neno ambalo mashine haina uhakika nalo. Likitulizwa, shaka inabaki ndani ya programu na msomaji haioni. Lebo iliyochorwa upya haina neno lililofifia wala alama ya kuuliza. Kilichokisiwa na kilichosomwa barabara vina wino mmoja. Bado unaweza kuipata shaka hiyo ukiitafuta: sogeza simu karibu, kisha mbali, kisha upande, na uangalie mstari wa kipimo. Ukibadilika hata mara moja, usiutumie.

Kuna pia yale ambayo kamera haijaribu kabisa kuyatafsiri, na rangi ni mojawapo. Chini ya lebo za viuatilifu vya China hupita utepe wa rangi unaoonyesha aina ya dawa: kijani ni ya magugu, nyekundu ya wadudu, nyeusi ya ukungu, buluu ya panya. Ukali wa sumu huandikwa kwa maneno na alama pembeni. Katika mfumo wa FAO na Shirika la Afya Duniani, ambao wakulima wengi wa Afrika Mashariki wameuona kwenye chupa za maduka ya pembejeo, utepe huohuo wa chini huonyesha ukali wa sumu. Nyekundu ni kali sana, njano ni kali kiasi, buluu ni hafifu, na kijani ni ile isiyotarajiwa kuleta madhara makubwa ikitumiwa ipasavyo.

Weka chupa ya Kichina mbele ya mkulima aliyefundishwa mfumo huu wa pili. Kamera inatafsiri maneno yaliyo juu ya utepe, "dawa ya magugu", na tafsiri hiyo ni sahihi. Utepe unabaki kijani. Mkulima anaona kijani na Kiswahili pamoja, anahitimisha kwamba hii ni dawa isiyo na hatari, na glavu zinabaki ghalani. Dawa yoyote ya magugu, hata iliyo kali, ingekuwa na kijani hichohicho. Kiswahili kilichochorwa juu yake kinaifanya chupa ionekane imeandikwa kwa ajili yake, ndani ya mfumo wake, wakati kila kilichobaki juu ya chupa ni cha mfumo mwingine. Tarehe ni hivyohivyo. Lebo ya China huandika tarehe ya kutengenezwa, mwaka ukitangulia, kisha mahali pengine huandika muda wa ubora, kwa mfano miaka miwili. Aliyezoea kutafuta tarehe ya mwisho wa matumizi atakutana na tarehe moja na kuidhania ndiyo.

Je, kamera haifai? Inafaa sana kwa kazi ya kuchagua. Ukiwa na maboksi kumi ya Kichina mbele yako na unataka kujua lipi lina dawa na lipi lina mbolea, itakuambia kwa sekunde chache. Itakuonyesha ni upande gani wa chupa wenye tahadhari na upande gani wenye kipimo. Itakusaidia kupata mlango wa kutokea stesheni. Kazi hizi zina sifa moja: ukikosea utajua mara moja, na kurekebisha hakuna gharama. Kipimo, katazo, muda wa kusubiri kabla ya kuvuna na tahadhari ya sumu havina sifa hiyo. Hapo acha kuangalia moja kwa moja, uanze kusoma.

Kusoma kunaanza na picha iliyotulia. Peleka chupa kivulini, mahali pasipo na mwako, uipige picha mara tatu au nne huku ukiizungusha, ili kila sehemu ya lebo ipate kuwa katikati ya picha bila kupinda. Fungua picha hizo kwenye programu ya tafsiri na uchague maandishi, usiridhike na yale yaliyochorwa juu. Google Lens na nyingine za aina yake huruhusu kugusa maneno ya asili na kuyanakili. Sasa una Kichina mkononi, na unaweza kukiweka sambamba na tafsiri yake mstari kwa mstari.

Anza na tarakimu, kwa kuwa lebo za China hutumia tarakimu hizihizi tunazotumia sisi. Zihesabu kwenye picha kwa macho yako, kisha zihesabu kwenye tafsiri. Zikipungua, kuna mstari uliomezwa. Halafu chukua mstari wa kipimo peke yake na uutafsiri kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kipimo kikitoka ekari upande mmoja na mu upande mwingine, umepata ufa unaoutafuta. Baada ya hapo fanya ile hesabu ya mabomba. Kama kuna mtu anayesoma Kichina, mwanafunzi aliyerudi kutoka huko au mfanyabiashara anayefuata mizigo Guangzhou, mtumie picha na umwombe akusomee mistari mitatu: kipimo, katazo, na muda wa kusubiri kabla ya kuvuna. Mistari mitatu ataisoma vizuri. Akipewa lebo nzima ataipitia juujuu.

Tafuta pia yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini. Herufi mbili za aina ya mchanganyiko hazibadiliki kutoka nchi hadi nchi: SL ni kimiminika kinachoyeyuka majini, EC ni dawa ya mafuta inayofanya maziwa ikichanganywa na maji, WP ni unga wa kulowesha. Ukijua kiambato, asilimia yake na herufi hizo, afisa ugani anaweza kulinganisha na dawa iliyosajiliwa nchini na kukupa kipimo chake kwa ekari za kweli.

Huyo ndiye ninayekusihi umwendee. Tanzania kiuatilifu husajiliwa na TPHPA, na Kenya na PCPB, na usajili huo unahusu pia lebo ambayo mtumiaji anaweza kuielewa. Chupa yenye Kichina kitupu katika duka la kijijini imefika hapo kwa njia isiyo ya kawaida, na hakuna kamera inayoweza kuirekebishia hilo. Usiinunue. Ikiwa tayari iko nyumbani, ipeleke kwa afisa ugani bila kuifungua. Na mtu akimeza dawa hiyo au ikimwingia machoni, usisimame kutafsiri. Mwahishe hospitali na ubebe chupa yenyewe ikiwa na lebo yake, kwa sababu kitu cha kwanza daktari atakachotaka kujua ni jina la kiambato.